Storibodi ya video ya projekti kwa asiyejua kuchora: kichwa cha duara, pua, na mishale

Kuna kundi la wanafunzi wanne nilikaa nao wakiandaa video ya projekti ya sayansi, dakika mbili tu, wanaonyesha jinsi ya kutengeneza chujio la maji kwa chupa ya plastiki. Mwalimu alitaka storibodi kwanza, yaani video nzima ikiwa imechorwa kwenye viboksi kwa mpangilio, kabla hajawaruhusu kurekodi. Wote wanne wakaanza kusukumiana daftari, chora wewe, hapana wewe, mi sijui kuchora, na mwisho wakachora kurasa mbili za watu wenye vidole vitano vitano na nguo zenye vifungo, saa nzima imeisha, na ukiangalia zile picha bado hujui kamera inakaa wapi. Nikawaambia tuanze upya, na hii hapa ndo njia tuliyoifuata hatua kwa hatua.

Kwanza elewa storibodi inafanya kazi gani, maana ukishaelewa hilo hofu ya kuchora inapungua yenyewe. Kila kiboksi kinajibu maswali matatu: ndani ya fremu kuna nini, kiko karibu au mbali, na kinaelekea wapi. Basi. Sura ya mtu, nywele, mikunjo ya shati, hivyo vyote havijibu swali lolote kati ya hayo, kwa hiyo hata anayejua kuchora anapaswa kuviacha.

Hatua ya 1: andika shoti kwa maneno kabla ya kushika penseli

Shoti ni kipande kimoja cha video kinachorekodiwa bila kukatwa, na kila shoti itapata kiboksi chake. Chukua karatasi ya kawaida, andika video yako kama orodha, mstari mmoja kwa kitu kimoja kinachoonekana. Angalia vizuri nimesema kinachoonekana. "Tunaeleza umuhimu wa maji safi" sio shoti, kwa sababu huwezi kuielekezea kamera. "Glasi ya maji ya tope iko mezani" hiyo ni shoti. Ukikutana na mstari usioweza kuuona kichwani ujiulize pale mtazamaji atakuwa anaangalia nini wakati maneno hayo yanasemwa, ukipata jibu ndo shoti yako.

Wale wanne walitoa mistari 15. Sio lazima na wewe ufike hapo, ila kwa dakika mbili, yaani sekunde 120, ukiwa na shoti tano tu ujue kila moja itakaa sekunde 24 na hiyo ni ndefu mno kumwangalia mtu amesimama, na ukiwa na 40 hamtamaliza kurekodi jioni moja.

Hatua ya 2: piga viboksi vyenye umbo la skrini

Hapa watu wengi wanaharibu bila kujua. Wanachora viboksi vya mraba, halafu siku ya kurekodi simu imelazwa, fremu ni pana, na kile walichokipanga juu na chini hakienei, pembeni pamebaki nafasi tupu ambayo hakuna mtu aliipangia kitu. Video ya kulala kwa kawaida ina uwiano wa 16 kwa 9, kwa hiyo chukua rula piga kiboksi cha upana sm 8 na urefu sm 4.5, hapo uwiano umekaa sawasawa kabisa. Karatasi ya A4 ina upana wa sm 21, viboksi viwili vinakaa sambamba vizuri na nafasi inabaki, kwenda chini weka safu tatu na chini ya kila kiboksi uache kama sm 3 za kuandika. Ukurasa mmoja viboksi sita. Piga mmoja tu kwa usafi, kisha toa fotokopi, au kama hakuna fotokopi kata kipande cha karatasi ngumu cha sm 8 kwa 4.5 ukizungushie penseli kila mara, ni haraka kuliko rula.

Kama mwalimu ametaka video ya kusimama, geuza: upana sm 4.5 na urefu sm 8. Muhimu mkubaliane mapema na muandike juu ya ukurasa wa kwanza, SIMU IMELAZWA au SIMU IMESIMAMA, kwa herufi kubwa.

Hatua ya 3: kichwa ni duara, na ukubwa wa duara ndo unasema kila kitu

Hii ndo sehemu ninayotaka uishike kuliko zote. Mwili wa mtu mzima kwa makadirio ni vichwa saba na nusu kutoka utosini mpaka nyayoni. Sasa kiboksi chako kina urefu wa sm 4.5, hesabu inajileta yenyewe:

Ukitaka mtu aonekane mzima, kutoka kichwa mpaka miguu, anabidi aenee kwenye kama sm 4, kwa hiyo kichwa chake ni kiduara cha nusu sentimita tu, punje. Ukitaka aonekane kuanzia kiunoni kwenda juu, hiyo midi shoti ya mtu anayeongea, hapo vinaingia kama vichwa vitatu, kwa hiyo duara ni sm 1.3 hivi, na mwili unakatwa na mstari wa chini wa kiboksi. Na klozapu ya uso, duara linajaa kiboksi, sm 3 na zaidi, chini unaweka mistari miwili mifupi ya mabega na umemaliza.

Umeona? Hujachora kitu chochote cha maana, umechora duara la ukubwa tofauti, na tayari anayeshika simu anajua asogee au arudi nyuma. Ukitaka duara lisipinde tumia kitu cha mviringo, kifuniko cha kalamu kwa midi, kifuniko cha chupa kwa klozapu, zungushia tu.

Mwili ni mstari mmoja wa uti wa mgongo, mikono mistari miwili, miguu miwili. Kwenye midi shoti mi napenda zaidi kuweka umbo kama kengele badala ya mstari, duara juu na kengele chini yake, kwa sababu kengele inaonyesha mwili unachukua nafasi kiasi gani kwenye fremu na mstari hauonyeshi. Ukiwa na watu wawili wa njiti kwenye kiboksi utadhani kuna nafasi kubwa katikati yao, kumbe wakisimama kweli mabega yanagusana.

Kisha weka pua. Kipembetatu kidogo ubavuni mwa duara, upande ule anaoangalia. Anaangalia kulia, pua kulia. Anaangalia kamera, nukta katikati ya duara. Kapua hako kadogo kana kazi kubwa, nitarudi kwake mbele.

Vitu vingine vyote ni maumbo ya shule ya msingi. Meza ni mstari mmoja wa kulala. Glasi ni mstatili uliofunguka juu. Chupa ni mstatili wenye shingo. Na kama umbo halieleweki, andika jina lake ndani yake, "kokoto", "mkaa", hakuna aliyesema storibodi isiwe na maneno, na neno lililoandikwa vizuri ni bora kuliko mchoro ambao kila mtu anauliza hiki nini.

Hatua ya 4: mishale, na hapa kuna aina mbili usizichanganye

Picha imetulia ila video inatembea, kwa hiyo tunahitaji mishale. Kitu kikitembea ndani ya fremu, mshale uwe ndani ya kiboksi. Kamera ikitembea, mshale uwe nje ya kiboksi, pembeni au juu yake. Ukichanganya hizi mbili utakuta mshika simu anazungusha simu wakati kumbe ni mtu ndo alitakiwa kutembea. Kama kamera inasogea kukaribia kitu, chora kiboksi kidogo ndani ya kiboksi kikubwa kuzunguka kile kitu, halafu mishale minne kutoka pembe za kikubwa kwenda pembe za kidogo, kila mtu anaelewa.

Ila kwa video ya projekti inayorekodiwa kwa simu ya mkononi naomba mishale ya nje iwe michache sana. Kamera ikikaa sehemu moja imeegeshwa kwenye kitu imara video inatoka safi, ikianza kutembea mikononi inatetemeka. Kwenye ile ya chujio hatukuweka hata mmoja.

Tuipitie ile ya chujio kiboksi kwa kiboksi

Kiboksi cha 1: mstari wa meza chini, mstatili mkubwa katikati unajaa karibu kiboksi kizima, ndani yake vistari vingi vya penseli vya uchafu. Klozapu ya glasi ya maji ya tope. Sekunde 5.

Kiboksi cha 2: mstari wa meza, glasi sasa ndogo mbele, nyuma yake kengele mbili zenye vichwa, nukta katikati ya duara maana wanaangalia kamera. Wanasalimia na kutaja projekti. Sekunde 8.

Kiboksi cha 3 kimewasumbua kidogo, kwa sababu walitaka vifaa vyote vionekane, na wakichora meza kwa pembeni kama kwenye kiboksi cha 2 vifaa vinazibana. Suluhisho likawa kutazama kutoka juu, na kuchora kutoka juu ndo rahisi kuliko yote: meza inakuwa kiboksi chenyewe, chupa mstatili, mikebe ya mchanga, mkaa na kokoto ni maduara yenye majina ndani, pamba duara lenye ukingo wa mawimbi, mkasi herufi X. Sekunde 10. Pembeni wakaandika "simu juu, mtu apande kiti", na hapo ndo wakakumbuka wanahitaji kiti imara na mtu wa kukishikilia. Bila kile kiboksi wangegundua siku ya kurekodi.

Kuanzia kiboksi cha 4 ni mikono. Kuchora mkono ndo kunatisha watu wengi kwenye storibodi, basi usichore vidole. Chora kiumbo kama glovu, kidole gumba peke yake na vingine vyote viwe pande moja. Kiboksi cha 4 glovu inakata chupa, sekunde 8, cha 5 glovu inaingiza pamba kwenye mdomo wa chupa iliyogeuzwa kichwa chini, sekunde 6, cha 6 tabaka la mkaa, sekunde 7.

Halafu wakachora kiboksi chenye mishale mitatu, mchanga laini, mchanga mkubwa na kokoto zote zinaingia kwa pamoja, sekunde 16. Hii ni dalili ya kuiangalia sana. Kiboksi kikiwa na mishale zaidi ya mmoja, au maelezo yake yana "halafu", ujue umebana shoti mbili ndani ya moja. Tukakivunja: cha 7 mchanga laini sekunde 7, cha 8 mchanga mkubwa na kokoto juu yake sekunde 9, hiki cha 8 tulikiacha na vitu viwili kwa sababu ni tendo lile lile la kumwaga na kamera haisogei.

Cha 9 midi shoti, msemaji kashika chujio anaeleza kila tabaka linazuia nini, sekunde 18. Cha 10 maji yanamiminwa, 8. Cha 11 klozapu ya tone linadondoka kutoka mdomo wa chupa, 8. Cha 12 mwenzake anainama kuangalia, 5. Cha 13 glasi mbili pamoja, ya tope na iliyochujwa, 8. Cha 14 msemaji anasema wazi kwamba haya maji yameonekana masafi ila bado sio ya kunywa, vijidudu wanaweza kuwa wamepita, yanahitaji kuchemshwa, 9. Cha 15 majina, 4. Jumlisha zote inakuja 120.

Hizo sekunde hazikutoka hewani lakini. Kila penye maneno mmoja alisoma kwa sauti, taratibu kama atakavyosoma kwenye video, mwingine kashika saa ya simu, kisha tukaongeza sekunde moja au mbili za kupumua. Kusoma kimoyomoyo kunadanganya, utapata sekunde 9 kwa maneno ambayo mdomoni yanachukua 15. Shoti zisizo na maneno tulifanya tendo lenyewe kwa mikono mitupu na kuhesabu.

Hatua ya 5: chini ya kiboksi andika vitu vinne

Namba ya shoti, sekunde, kinachosikika, na vifaa vinavyotakiwa. Kinachosikika ndo kinasahaulika sana. Kama ni mtu anaongea kwenye kamera andika maneno yake ya kwanza na ya mwisho. Kama ni mikono inafanya kazi na sauti itarekodiwa baadaye, andika "sauti ya baadaye", hiyo inamaanisha siku ya kurekodi hata kukiwa na kelele shoti hiyo haina shida. Wale wanafunzi walipohesabu walikuta shoti tatu tu, ya 2, 9 na 14, ndo zinahitaji ukimya, zingine zote wangeweza kurekodi hata watu wakipita. Hiyo peke yake iliwapunguzia presha kubwa.

Hatua ya 6: rudi kwenye zile pua

Panga karatasi zako mezani angalia pua tu, usiangalie kingine. Watu wawili wakiongea, mmoja pua inaelekea kulia, mwingine kushoto, hata kama kila mmoja yuko kwenye kiboksi chake peke yake. Ukikuta viboksi viwili vinavyofuatana pua zote zinaelekea kulia, kwenye video itaonekana kama wote wawili wanaongea na mtu wa tatu ambaye hayupo. Chanzo chake ni kamera kuvuka kwenda upande wa pili wa meza. Chagua upande mmoja wa meza, simu ikae upande huo tu kwenye mazungumzo yote.

Ile ya kwetu kiboksi cha 12 kilikuwa na kosa hili. Kwenye cha 10 anayemimina maji alikuwa kulia mwa chujio pua inaangalia kushoto, kwenye cha 12 mwenzake aliye upande wa kushoto wa chujio, anayeangalia matone, alichorwa naye anaangalia kushoto kana kwamba chujio limehama. Tulichofanya ni kufuta kipembetatu kimoja na kukiweka upande wa pili. Sekunde mbili za raba, wakati ungegundua baada ya kurekodi ungebidi umwage maji upya.

Wakati karatasi ziko mezani angalia pia ukubwa wa maduara na vitu. Ukiona viboksi vinne mfululizo vina kichwa kile kile cha ukubwa ule ule, mtazamaji atachoka hapo, badilisha kimoja kiwe klozapu ya mkono au ya kitu.

Hatua ya 7: mpe mtu asiyejua chochote

Tafuta mtu ambaye hajasikia habari ya projekti yenu, funika maandishi ya chini kwa karatasi, mwambie akusimulie anachokiona kiboksi kwa kiboksi. Usimsaidie, hata akikosea kaa kimya uandike namba ya pale alipokwama. Kwetu alikwama kwenye cha 11, alidhani tone ni taa. Tukaongeza glasi chini ya tone na mshale mmoja wa kushuka, akaelewa. Na kumbuka hajui kuchora kwako kulikuwa kuzuri au kubaya, anakwama pale tu ambapo fremu haina taarifa ya kutosha, na mara nyingi fremu hiyo hiyo ingewachanganya watazamaji kwenye video yenyewe.

Mkiwa na muda pigeni picha kila kiboksi kwa simu, ziwekeni kwenye apu mnayotumia kuediti, kila picha ikae sekunde zake, na juu yake wekeni sauti ya msimulizi. Mtaona video nzima kabla haijarekodiwa. Sisi tulipofanya hivyo shoti ya 9 ya sekunde 18 ilionekana ndefu mno mtu kasimama tu, tukaamua katikati yake aonekane kwa karibu mkono unaogusa tabaka, sauti ikiendelea. Kikaongezwa kiboksi 9B. Usianze kubadilisha namba zote, weka herufi tu.

Siku ya kurekodi usifuate namba

Storibodi inafuata mtiririko wa hadithi, kurekodi kunafuata mahali simu ilipo. Kata viboksi kwa mkasi, au kama uliviandaa kwenye vikaratasi vya kubandika vibandue tu, uvipange upya kwa makundi. Kwetu 1 na 2 zilienda pamoja kwa sababu simu iko mbele na chujio halijatengenezwa bado. Kisha 3 mpaka 8 zote za mezani. Kisha 9 na 9B. Halafu 10 mpaka 14, kwa sababu ya 14 inahitaji glasi ya maji yaliyochujwa pembeni ya msemaji, haiwezi kurekodiwa pamoja na ya 9 hata kama fremu inafanana.

Na hapo kwenye makundi ndo mtu mmoja aliuliza je yale matone ya 11 yatachukua muda gani, na mkaa si utatoa weusi? Swali la maana sana. Mkaa na mchanga usiooshwa maji ya kwanza yanatoka na vumbi lake, meusi, na shoti ya 13 ingeonyesha glasi mbili zote chafu. Tukaandika kwenye kiboksi cha 6, kwenye sehemu ya vifaa, "mkaa na mchanga vioshwe jana", na kwenye cha 11 "maji ya kwanza yamwagwe, rekodi ya pili".

Shoti ikishapatikana weka tiki kwenye kiboksi chake kwa kalamu nyekundu, ila baada ya kuicheza na kuiangalia mpaka mwisho, sio mara tu baada ya kusema tumemaliza. Mtu mmoja awe na kazi hiyo ya tiki peke yake, asishike simu wala asiongee kwenye video. Kabla ya kumwaga maji na kufungua chujio ahesabu tiki, zikiwa pungufu ya viboksi hakuna anayegusa kitu mezani.